Kutoka Mandara hadi Horombo ni mwendo wa saa ngapi?

Ukimuuliza mwenyeji wa milimani kijiji kinachofuata kiko umbali gani, atakuambia ni hapo tu, nyuma ya kile kilima. Hakudanganyi. Kwa miguu yake ni hapo tu kweli. Shida huanza mgeni anapoingiza jibu hilo katika ratiba yake, au anapoona kwenye ramani kilomita 12 akakumbuka kwamba mjini kilomita 12 huzimaliza kwa saa mbili na nusu. Milimani kilomita ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni mita utakazopanda, na hizo zina saa yake ya peke yake.

Aliyeliandika jambo hili kwa hesabu rahisi alikuwa Mskoti William Naismith, mwaka 1892. Siku moja alipanda vilele vitatu vya Uskoti kwa mfululizo: alitembea maili 10, akapanda jumla ya futi 6,300, na akatumia saa sita na nusu pamoja na mapumziko mafupi. Katika taarifa yake aliweka kanuni: saa moja kwa kila maili tatu za ramani, ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa vipimo vyetu ni saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kwenda juu. Zaidi ya miaka 130 imepita, na wapanda milima bado huanzia hapo.

Tuipime kwenye njia ya Marangu, ambayo wengi wanaokwea Kilimanjaro huifahamu. Siku ya pili mtu hutoka vibanda vya Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, kwenda Horombo, mita 3,720. Umbali ni kama kilomita 12. Kwa kanuni ya Naismith, kilomita 12 ni saa 2 na dakika 24, na mita 1,000 za kupanda ni saa 1 na dakika 40. Jumla ni saa 4 na dakika 4. Sasa waulize waongoza watalii wa pale. Watakuambia saa sita, wengine watasema hadi nane kwa kundi zito.

Kanuni haijakosea. Naismith alikuwa mpanda milima hodari, na alijipima mwenyewe. Namba 5 na 600 ni zake, si zako. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabla ya safari ni kuzipata namba zako, na wala si kazi ngumu. Tafuta barabara tambarare ambayo umbali wake unaujua, vaa viatu utakavyovaa mlimani, beba mzigo utakaoubeba, kisha tembea kwa mwendo unaoweza kuongea bila kuhema na uangalie saa. Ukimaliza kilomita kwa dakika 12, mwendo wako ni kilomita 5 kwa saa. Wengi wenye mkoba mgongoni huangukia dakika 15, yaani kilomita 4 kwa saa. Kisha tafuta kilima kirefu, panda ukiwa na mzigo uleule kwa muda usiopungua nusu saa, usome umepanda mita ngapi. Dakika tano za ngazi za ghorofa hazitoshi, maana dakika tano kila mtu ni shujaa.

Tuseme wewe unakwenda kilomita 4 kwa saa na unapanda mita 400 kwa saa. Mandara hadi Horombo sasa ni saa 3 za umbali na saa 2 na nusu za kupanda. Hizo ni saa 5 na nusu za miguu kutembea, bila kusimama hata mara moja. Kama mnakwenda kundi, tumia namba za yule wa polepole kuliko wote, kwa kuwa kundi hufika pale mtu wa mwisho anapofika.

Bado mapumziko, na hapa ndipo ratiba nyingi huvuja. Watu huandika chakula cha mchana nusu saa wakadhani wamemaliza. Mkisema tusimame dakika tano, mmoja atavua koti, mwingine atatafuta chupa ya maji iliyo chini kabisa ya mkoba, wa tatu ataomba apigwe picha, na wa nne ataingia kichakani. Wa nne anaporudi, wa kwanza amepata baridi na anataka koti lake tena. Kundi la watu wanane halisimami dakika tano hata likijitahidi. Mimi humhesabia mtu mmoja au wawili dakika 5 kwa kila saa ya kutembea, na kundi kubwa dakika 10, kisha chakula huwa mbali. Tuseme watu wawili wanatoka Mandara kwa mwendo wetu: mapumziko ni kama dakika 25 na chakula dakika 30. Tukijumlisha, safari inakuwa saa 6 na dakika 25. Wakiondoka saa 2:30 asubuhi watafika saa 9 kasoro dakika tano mchana. Namba hiyo sasa inakaa vizuri na maneno ya waongoza watalii.

Kuna mtego mmoja katika mita za kupanda ambao huwanasa hata watu makini. Wengi huchukua mwinuko wa mwisho, wakatoa mwinuko wa mwanzo, wakadhani hiyo ndiyo kazi ya siku. Kwenye Marangu utasalimika, kwa sababu njia hupanda karibu moja kwa moja. Nenda njia ya Machame uone. Kuna siku watu hutoka kambi ya Shira, kama mita 3,850, wakalala Barranko, kama mita 3,950. Ukitoa, unapata mita 100, dakika 15 za kupanda kwa mwendo wetu wa mita 400. Lakini katikati njia hupita kwenye Mnara wa Lava, kama mita 4,600. Umepanda mita 750, karibu saa mbili, kisha ukateremka mita 650. Kwa hiyo fuata njia kwenye ramani kwa kidole na ujumlishe kila kupanda peke yake, hata kule kunakofuatiwa na bonde. Kontua zikionyesha mabonde manne, utapanda mara nne.

Kuteremka nako kuna hesabu yake, na si kweli kwamba kila mteremko ni zawadi. Mskoti mwingine, Eric Langmuir, aliiongezea kanuni ya Naismith masahihisho haya: kwenye mteremko wa wastani, kati ya nyuzi 5 na 12, punguza dakika 10 kwa kila mita 300 za kushuka. Mteremko ukizidi nyuzi 12, ongeza dakika 10 kwa kila mita 300. Nyuzi 12 ni sawa na kushuka mita moja kwa takriban kila mita tano za kwenda mbele. Hapo miguu huanza kufanya kazi ya breki, na magoti hulipa. Kurudi Horombo hadi Mandara ni mteremko wa karibu nyuzi 5, kwa hiyo mtu wetu anaweza kupunguza kama nusu saa katika saa 3 zake za umbali. Akikutana na mawe yaliyolowa au mizizi ya msituni, asipunguze chochote.

Hadi hapa kanuni inafanya kazi. Ila Kilimanjaro ina jambo ambalo Uskoti haina: mlima mrefu kuliko yote ya Uskoti, Ben Nevis, hauzidi mita 1,345, na Naismith hakuwahi kuhesabu hewa nyembamba. Tazama njia ya Marangu kipande kwa kipande kwa namba zake zilezile. Lango hadi Mandara, kilomita 8 na mita kama 840 za kupanda, kanuni inasema saa 3, na watu hutumia saa 3 hadi 4. Horombo hadi Kibo, kilomita 10 na mita 1,000, kanuni inasema saa 3 na dakika 40, watu hutumia saa 5 hadi 7. Kibo hadi Uhuru, kilomita 6 na mita 1,175, kanuni inasema saa 3 na dakika 10. Watu hutumia saa 6 hadi 8. Kadiri unavyopanda, pengo linapanuka, mpaka huko juu muda unakuwa mara mbili au zaidi. Pale kileleni kanieneo ya hewa ni kama nusu ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi huleta karibu nusu ya oksijeni. Tena usiku ni baridi, na kabla ya Gilman's Point unakanyaga changarawe za volkano zinazokurudisha nyuma.

Kwa hiyo chini ya mita 3,000 kanuni uiamini ukiitumia na namba zako. Kutoka 3,000 hadi 4,500 ongeza theluthi hadi nusu. Juu ya hapo zidisha mara mbili, na usibishane na mwongozaji anayekuambia pole pole. Haya ni makadirio yangu kutokana na njia hiyo, si sheria ya fizikia, na mwili ambao haujazoea mwinuko unaweza kuyavunja.

Makadirio yakishaandikwa yanafaa zaidi mkiwa njiani kuliko mkiwa nyumbani. Turudi kwa wawili wetu. Wamekadiria mita 1,000 kwa saa 6 na dakika 25, kwa hiyo kama njia inapanda kwa usawa, saa 4:30 asubuhi, baada ya saa mbili, wanapaswa kuwa wamepanda kama mita 310, yaani mwinuko wa mita 3,030. Wakiangalia saa yao ya mkononi yenye kipimo cha mwinuko wakaona 2,960, wamepanda 240 tu. Hapo mtu husema tutakaza mwendo baada ya chakula. Hawatakaza. Wachukue kasi waliyoionyesha, mita 120 kwa saa pamoja na kusimama, wagawanye 1,000 kwa hiyo: saa 8 na dakika 20. Watafika saa 10:50 jioni. Jua katika eneo hilo huzama kama saa 12:30, na giza la karibu na ikweta halichelewi. Bado wana akiba, ila si kubwa, na sasa wanaijua saa 4:30 asubuhi badala ya kuigundua saa 11.

Usiku wa kilele hesabu hiyohiyo huwa na uzito zaidi, kwa kuwa baada ya Uhuru bado kuna kuteremka hadi Kibo na kisha kilomita 10 za kurudi Horombo. Watu huondoka Kibo kati ya saa 5 na saa 7 usiku kwa sababu hiyo. Kabla ya kuondoka, kubaliana na mwongozaji wako saa ya kugeuza, iandike kwenye karatasi, na ikifika mgeuze hata kama kibao cha kileleni kinaonekana.