Wa Pili Wawili, Zawadi Moja

Siku iliyofuata sherehe ya zawadi, mama mmoja alifika shuleni na ripoti ya mwanawe mkononi. Ripoti ilisema: nafasi ya 2 kati ya 43. "Mwalimu," aliuliza kwa upole, "mbona mwanangu hakuitwa?"

Mwalimu wa darasa, rafiki yangu wa miaka mingi, alifungua jedwali lake la Excel. Jumla za juu zilikuwa 281, 274, 274 na 269. Safu ya nafasi, aliyoijaza kwa fomula ya RANK, ilisomeka 1, 2, 2, 4. Nafasi ya 3 haikuwepo.

Hapo wengi husema kompyuta imekosea. Haikukosea. RANK huhesabu ni wangapi wamekuzidi alama, kisha huongeza moja. Mwenye 269 amezidiwa na watatu, kwa hiyo ni wa nne kwa haki kabisa. Kosa lilikuwa kwenye karatasi ya pili, ile ya zawadi, iliyotafuta jina kwa nafasi:

```
=INDEX(B$2:B$44,MATCH(2,D$2:D$44,0))
```

MATCH ikiandikwa hivi hushuka kwenye orodha na kusimama kwa 2 ya kwanza inayokutana nayo. Majina yalipangwa kwa alfabeti, basi msichana aliyetangulia kwa herufi akapata zawadi, na mvulana aliyelingana naye akaachwa. Kwa nafasi ya 3 ilitokea `#N/A`. Mwalimu alikuwa na haraka, wazazi wameshaketi, akafuta alama hiyo na kuandika kwa mkono jina la mwenye 269. Mwenye alama chache akabeba madaftari, mwenye alama nyingi akapiga makofi.

Mimi nasema ile `#N/A` ndiyo iliyokuwa ikimwonya. Ukiiona kwenye orodha ya washindi, usiizibe. Rudi kwenye safu ya nafasi utazame kama kuna namba iliyojirudia.

Dawa aliyoitumia ni nyepesi: hatafuti tena jina kwa nafasi. Kila mtoto anaulizwa kwenye mstari wake mwenyewe:

```
=IF(D2<=3,"Zawadi","")
```

Kwa njia hii wote waliolingana wanapata. Ila shule iamue kabla ya mtihani kama baada ya wa pili wawili anafuata wa nne au wa tatu. Ikitaka wa tatu, safu ya nafasi ijazwe hivi:

```
=SUMPRODUCT((C$2:C$44>C2)/COUNTIF(C$2:C$44,C$2:C$44))+1
```

Fomula hii haivumilii pengo: mtoto mmoja asiye na alama, safu nzima inajaa `#DIV/0!`. Na zawadi huongezeka. Darasani humo zingehitajika nne, si tatu.

Mwenye 269 hakunyang'anywa kitu. Mwalimu alinunua madaftari mengine kwa fedha yake, na Jumatatu, mstarini, mbele ya shule nzima, akamwita mvulana yule kwa jina na kumwomba radhi.