Tusome Herufi za Kichina (2): Daraja Lenye Mti Ndani

Jirani yangu hapa Mountain View alinijia na karatasi. Alikuwa amenakili herufi nne kutoka kwenye nembo ya kampuni iliyojenga barabara ya juu, ile iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Hakuweza kuzisoma wala kuziandika kwenye simu. Nikamwandikia mistari mitatu:

中 国 路 桥
Zhōng guó lù qiáo
katikati, nchi, barabara, daraja

Mbili za kwanza ni jina la Uchina, nchi ya katikati. Mbili za mwisho ndiyo kazi ya kampuni.

Mstari wa pili ni pinyini, mwandiko wa Kilatini uliopitishwa Uchina mwaka 1958. Usiusome kama Kiswahili. Q ya qiáo iko karibu na ch yetu. B nayo haina mtetemo: ni p isiyo na pumzi. Watu wa Mombasa wataielewa upesi, kwani wao hutofautisha paa la nyumba na paa wa porini, ambaye p yake hutoka na pumzi. B ya pinyini ni p ya paa la nyumba. P ya pinyini ni ile ya mnyama.

Vialama vya juu ya irabu ni toni. Katika ō sauti hukaa juu bila kuyumba. Katika á hupanda. Katika ǎ hushuka chini. Katika ù huporomoka. Wengi huviacha wanaponakili, na hapo ndipo wanapopotea. 买, mǎi, ni kununua. 卖, mài, ni kuuza. Ukiandika mai tu, hujui nani anatoa pesa.

Sasa itazame 桥. Kushoto kuna 木, mù, yaani mti, kwa kuwa madaraja ya kale yalikuwa ya mbao. Kulia kuna 乔, ambayo nayo husomwa qiáo. Upande mmoja unadokeza maana, mwingine sauti. Herufi nyingi sana zimeundwa hivyo, ila kidokezo cha sauti mara nyingine kimechakaa. Katika 路 kushoto ni mguu, na kulia ni 各, ambayo leo husomwa gè, mbali kabisa na lù.

Kuhusu simu, ongeza kibodi ya Kichina ya pinyini kwenye mipangilio, kisha andika lu bila toni. Zitatokea herufi kadhaa, miongoni mwao 路 na 鹿. Zote mbili ni lù, lakini ya pili ni kulungu. Ukiandika luqiao kwa pamoja, simu huelekea kukuletea 路桥 yenyewe, kwa hiyo andika neno zima.

Kabla ya sehemu ya tatu, nakili 内罗毕, Nèiluóbì, mara kumi kwa mkono. Ni Nairobi. Hapo herufi zimechukuliwa kwa sauti tu, usizitafutie maana.