Mgeni Nyuma, Wanafunzi Mbele

Walimu wa fildi, kama wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania wanavyowaita, huwa wameshazoeana na madarasa yao msimamizi anapofika kuwapima. Siku hiyo hawana haja ya kujitambulisha. Lakini msimamizi ana shule nyingi za kuzungukia, na mara nyingine hufika saa ambayo mwalimu tarajali hana kipindi. Hapo mtaaluma huazima kipindi cha mwalimu mwingine, na binti wa watu anaingia mkondo B, ambao hajawahi kuufundisha, huku msimamizi naye akimwona kwa mara ya kwanza. Anatakiwa kujitambulisha kwa wote wawili ndani ya chumba kimoja.

Kosa linaloanza hapo ni kudhani utambulisho ni mmoja. Ni mawili, na ule wa msimamizi unapaswa kumalizika kabla ya kengele, katika ofisi ya walimu. Anamwamkia, anataja jina lake, somo na mada, kisha anamkabidhi faili lenye azimio la kazi, andalio la somo na nukuu. Baada ya hapo aseme jambo ambalo wengi hulimeza kwa woga: "Mwalimu, darasa hili sijawahi kulifundisha. Nimemuuliza mwalimu wao, wameishia aina za nomino." Sentensi hiyo ina kazi. Msimamizi asipoambiwa, atamwona mwalimu asiyejua jina la mwanafunzi hata mmoja, naye atadhani ni uzembe wa wiki nzima.

Darasani sasa, kipindi ni cha dakika 40, na utangulizi kwa kawaida hupewa kama dakika 5. Wanafunzi wanasimama: "Shikamoo, mwalimu!" Anaitikia marahaba, anawaketisha, anaandika jina lake ubaoni, kisha anasema:

"Jina langu ni hilo mnaloliona. Ninatoka chuo cha ualimu na nipo hapa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Leo nitakuwa nanyi katika Kiswahili badala ya mwalimu wenu. Nyuma yupo mgeni wetu, mwalimu kutoka chuoni, tutakuwa naye hadi mwisho wa kipindi. Tuendelee."

Haifiki dakika moja. Angalia alichokiacha. Hakusema mgeni amekuja kumpima. Darasa likijua hilo, wapo watakaomwonea huruma na kunyoosha mikono hata wasipojua jibu, na wapo watakaoona ni nafasi ya kumchezea. Vilevile hakuficha kwamba yuko mazoezini. Wapo wanaoshauri lisitajwe ili wanafunzi wasimdharau. Mimi sikubaliani nao, maana wanafunzi wanalijua tangu asubuhi ya gwaride.

Kishawishi kikubwa kinachofuata ni kuwaambia wanafunzi nao wajitambulishe. Ni adabu nzuri, ila ina bei. Darasa la wanafunzi 48, kila mmoja akisimama, akataja jina na kuketi kwa sekunde 15, litakula dakika 12. Tayari karibu theluthi ya kipindi imekwenda, na mazoezi ya mwisho hayatafanyika. Njia rahisi ni kumwomba kila anayejibu aanze na jina lake. Mwalimu anaandika majina hayo kwenye mchoro mdogo wa madawati, na dakika chache baadaye anaweza kumwita mmoja kwa jina. Msimamizi huliona hilo haraka kuliko hotuba yoyote.

Mada ikiruhusu, utambulisho wenyewe unaweza kuwa mlango wa somo. Siku hiyo mada ilikuwa ngeli za nomino. Chini ya jina lake aliandika: "Mwalimu mpya amefika." Akawauliza, tungekuwa wawili mngesemaje? Mvulana wa dirishani akajitaja jina, akajibu: "Walimu wapya wamefika." Akawataka waweke "kiti" mahali pa "mwalimu". Darasa likacheka, kisha likasema: "Kiti kipya kimefika." Wameshaona sauti zinazobadilika mwanzoni mwa maneno, na ngeli ya A-WA imeshakutana na ya KI-VI, kabla hajataja istilahi yoyote.

Mambo yakienda mrama, dalili ni macho. Mwalimu anayejitambulisha kwa ajili ya maksi huutazama ukuta wa nyuma kila amalizapo sentensi, na wanafunzi nao hugeuza shingo kufuata anakotazama. Akianza kutaja somo la pili analosomea na mwaka wake wa masomo, ujue anazungumza na msimamizi juu ya vichwa vya watoto.

Kwa wewe unayesubiri msimamizi: yaandike maneno ya utambulisho kwenye andalio lako, katika safu ya utangulizi, uyape dakika 1. Mkondo ukiwa ni wako wa siku zote, yafute. Mtambulishe mgeni kwa sentensi moja na uanze somo.