Sifuri na Moja Zinavyobeba Herufi, Picha na Sauti

ENIAC, kompyuta iliyokamilika Marekani mwaka 1945, ilihesabu kwa tarakimu kumi, kuanzia 0 hadi 9, kama watu wanavyohesabu. Kushika tarakimu moja tu kulihitaji safu ya swichi kumi za umeme, na kati ya hizo moja pekee ndiyo iliyokuwa imewashwa. Wabunifu wake walipopanga mrithi wake, EDVAC, waliacha kumi wakachukua mbili: sifuri na moja. Kwa mpango huo swichi nne zinatosha.

Sababu nzito zaidi ni tabia ya umeme wenyewe. Hautulii. Joto huuyumbisha, waya jirani huusumbua. Volti 5 zikigawanywa katika ngazi kumi, mtikisiko wa nusu volti unaweza kugeuza 6 ikawa 7, na hesabu yote ikaharibika. Chipu zilizotumia volti 5 kwa miaka mingi zilifuata kanuni nyepesi: chini ya volti 0.8 ni sifuri, juu ya volti 2 ni moja. Nafasi ya katikati haitumiki, kwa hiyo umeme ukiyumba kidogo, jibu halibadiliki.

Kila sifuri au moja huitwa biti, na biti nane ni baiti. Chukua baiti hii: 01000001. Kutoka kulia, nafasi zake zina thamani ya 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 na 128. Zenye moja ni ile ya 64 na ile ya 1, hivyo jumla ni 65.

Lakini 65 ya nini?

Kwenye maandishi, jedwali la ASCII lililotolewa mwaka 1963 linaipa herufi A namba 65. Neno MAJI huhifadhiwa kama 77, 65, 74 na 73.

Kwenye picha, kila nukta huwa na baiti tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Hapo 65 ni kiasi cha mwanga wa rangi moja, ambao kikomo chake ni 255. Nyekundu ya 65 ni hafifu, karibu na nyeusi.

Kwenye sauti, maikrofoni hugeuza mtetemo wa hewa kuwa umeme, na kompyuta hupima umeme huo mara nyingi mno: mara 44,100 kwa sekunde kwenye CD ya muziki, kila kipimo kikiwa na biti 16. Mtandao wa simu za kawaida za mezani hupima mara 8,000, ndiyo maana mazungumzo hueleweka lakini muziki husikika umefifia.

Baiti yenyewe haisemi ni ya aina gani. Programu hutambua kwa jina la faili na baiti za mwanzo. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na 255 ikifuatiwa na 216. Ukifungua picha kwa programu ya kuandikia, utaona alama zisizosomeka, kwa sababu rangi zinasomwa kama herufi. Picha haijaharibika. Ifunge bila kuihifadhi, kisha ifungue kwa programu ya picha.