Ugomvi wa Kila Mwisho wa Mwezi

Tuseme ni mke na mume wa Mbagala. Bomba la jikoni likivuja wanalaumiana, fundi anaitwa, na wiki ikiisha hakuna anayelikumbuka. Lakini kila mshahara ukiingia, mume humtumia mama yake pesa kijijini, naye mke, ambaye kiwanja chao bado hakina hata msingi, huuliza: "Baba Neema, umetuma tena?" Swali hilo limedumu tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

Mwanasaikolojia John Gottman, wa Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, Marekani, aliwarekodi wanandoa wakijadili migogoro yao. Baadhi yao walirudi miaka kadhaa baadaye na kukutwa wakivutana juu ya mambo yaleyale. Kwa hesabu yake, asilimia 69 ya migogoro ya ndoa ni ya aina hiyo: hutokana na tabia, malezi na mahitaji ya watu wawili tofauti, kwa hiyo haiishi. Hesabu hiyo ni ya Wamarekani, lakini pesa za ukweni zinajulikana kote.

Wenye ndoa tulivu nao wanayo migogoro hiyo. Wao huizungumza, hata hutaniana juu yake. Mgogoro umekwama pale kila mazungumzo yanapoacha kidonda, msimamo unapozidi kuwa mgumu, na dharau inapoingia: "Kwenu ni kuomba tu."

Wa Mbagala wafanyeje? Kwanza, kuanza kwa upole. "Nina wasiwasi na kodi ya mwezi huu" hufungua mlango ambao "umetuma tena?" huufunga. Moyo ukianza kwenda mbio, wapumzike dakika 20 au zaidi, kwa sababu mwili uliopandwa na hasira hausikilizi.

Kisha kila mmoja aulizwe pesa hizo zina maana gani kwake, mwenzake asikilize bila kujitetea. Huenda mume alisomeshwa kwa ng'ombe wa mama yake. Huenda mke alikulia nyumba za kupanga, akiona vyombo vyao vikitolewa nje. Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa, na kwa maoni ya mwandishi huyu, wengi hawafiki hapo kwa sababu wanakimbilia hesabu.

Hesabu ije baadaye. Kila mmoja ataje asichoweza kukiacha, halafu anachoweza kulegeza. Mume hawezi kuacha kutuma. Kiasi kinaweza kubadilika. Mke hawezi kuacha ujenzi. Muda unaweza kusogea. Wakubaliane kiwango cha miezi mitatu, kisha wakae tena. Shangazi akilazwa hospitali, mjadala utarudi.

Kipigo na vitisho haviingii kabisa katika hesabu hii. Anayepigwa hatakiwi kujifunza kuishi na tofauti hiyo. Anatakiwa kuwa salama kwanza, na Tanzania vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.