Kuuliza Mauzo kwa Lugha ya Kawaida: Kufuli Likae Wapi?

(Sehemu ya Pili)

Mwaka 1971, kwenye mkutano wa wanasayansi wa Mwezi mjini Houston, wanajiolojia waliandika maswali kwa Kiingereza cha kawaida kuhusu mawe yaliyoletwa na Apollo 11, na kompyuta ikawajibu. Programu hiyo iliitwa LUNAR, kazi ya William Woods na wenzake. Ilichukua swali, ikaligeuza kuwa amri, ikapekua majedwali ya kemia ya mawe na kurudi na jibu. Kiu ya kuihoji kanzidata bila kujifunza lugha yake, basi, si ya jana. Jambo jipya ni kwamba modeli kubwa za lugha za leo zinamwelewa hata karani wa mauzo anayeandika harakaharaka, kwa vifupisho na Kiswahili cha mtaani, na swali lake zinaligeuza kuwa SQL.

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza ugeuzaji huo unavyokwenda. Hii ya pili inashughulikia swali ambalo mwenye mali huuliza mapema kuliko mengine yote: mashine hii ikikosea, au mtu akiichezea, inaweza kunifutia ankara?

Tuchukue duka la jumla la vifaa vya ujenzi lenye matawi matatu jijini Dar es Salaam, kumbukumbu zake zikiwa kwenye PostgreSQL. Karani wa tawi la Mbagala anaandika: “Mwezi wa sita tumeuza mifuko mingapi ya saruji hapa kwetu?” Zamani swali hilo lilitumwa kwa kijana wa IT, likasubiri mpaka amalize kurekebisha printa. Sasa jibu linatoka kabla chai haijapoa. Lakini katikati ya swali na jibu kuna amri iliyoandikwa na modeli, ambayo hakuna binadamu aliyeipitia kabla haijafika kwenye kanzidata.

Wengi huanza kwa kuweka kufuli mahali rahisi kuliko pote, yaani kwenye maelekezo. Modeli inaambiwa isifute wala kubadilisha chochote. Hilo ni ombi tu. Modeli hulitii mara nyingi, na “mara nyingi” haitoshi pale panapohusika vitabu vya biashara.

Wengine huweka kichujio cha maneno: amri ikianza na SELECT inapita, ikiwa na DELETE au UPDATE inazuiwa. Kichujio hiki kina aibu mbili. Kwanza, kinawazuia wasio na hatia. Safu ya jedwali inayoitwa `updated_at` ina herufi za UPDATE ndani yake, kwa hiyo swali halali kabisa kuhusu ankara zilizorekebishwa jana linaweza kukataliwa. Pili, kinawapitisha wenye hatia. Katika PostgreSQL, SELECT inaweza kuita funksheni, na funksheni inaweza kufuta. Kama mtengenezaji wa mfumo aliwahi kuandika funksheni ya kufuta ankara kwa namba yake, amri ya kuiita itaanza na SELECT na kichujio kitaipigia saluti.

Kuna njia ya tatu inayoonekana imara zaidi: kufungua muamala wa kusoma tu, kisha kuitumbukiza amri ya modeli humo ndani. Muamala wa namna hiyo ukiwa wazi, PostgreSQL yenyewe hukataa kufuta au kuandika kwenye majedwali ya kudumu. Mwaka 2025 watafiti wa usalama wa kampuni ya Datadog walieleza jinsi kinga hiyo ilivyovukwa katika seva ya mfano ya PostgreSQL iliyokuwa imetolewa na kampuni ya Anthropic ili modeli ziweze kusoma kanzidata. Seva ile ilifungua muamala wa kusoma tu kama ipasavyo, lakini ilikubali amri zaidi ya moja kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo iliwezekana kuipa kitu cha namna hii:

```sql
COMMIT; DROP SCHEMA public CASCADE;
```

Neno la kwanza linafunga ule muamala wa kusoma tu. Linalofuata linatekelezwa nje yake, ambako hakuna kizuizi tena, na majedwali yote yanakwenda na maji. Kinga yenyewe haikuvunjwa. Ilifungwa kwa adabu, kwa amri halali.

Hata hivyo hila hiyo inahitaji jambo moja ili ifanye kazi: mtumiaji ambaye chombo kimeingia kwa jina lake awe na uwezo wa kufuta. Hapo ndipo kufuli la kweli linapokaa. Si kwenye maneno ya modeli wala kwenye kichujio, bali kwenye ruhusa za mtumiaji ndani ya kanzidata. Kwa duka letu, msimamizi wa mfumo anatengeneza mtumiaji mpya, asiyemiliki jedwali lolote, na kumpa kitu kimoja tu cha kusoma:

```sql
CREATE ROLE msomaji LOGIN PASSWORD '...';
GRANT USAGE ON SCHEMA ripoti TO msomaji;
GRANT SELECT ON ripoti.mauzo TO msomaji;
ALTER ROLE msomaji SET statement_timeout = '15s';
```

Mstari wa mwisho unakata amri yoyote inayozidi sekunde 15, maana hata kusoma kunaweza kuumiza. Swali baya linaweza kuunganisha jedwali la ankara na la malipo bila sharti lolote, likazaa mamilioni ya mistari na kuichosha seva ileile ambayo keshia anaitegemea kutoa risiti. Lakini msomaji mjanja anaweza kuubadilisha ukomo huo kwa amri ya SET ndani ya kikao chake. Ruhusa za GRANT hawezi kujiongezea. Kwa sababu hiyo biashara yenye foleni ndefu kaunta hufanya vizuri zaidi kuelekeza maswali kwenye nakala ya kanzidata iliyo kwenye seva nyingine. Na zile funksheni? PostgreSQL kwa kawaida humruhusu kila mtumiaji kuziita, kwa hiyo zile zinazofanya kazi kwa mamlaka ya mmiliki wake ni lazima zitafutwe na ruhusa hiyo iondolewe.

Kuthibitisha ni kazi ya dakika moja. Ingia kama msomaji, kisha jaribu kufuta bila kufuta:

```sql
DELETE FROM ankara WHERE false;
```

Sharti la `false` halilingani na mstari wowote, kwa hiyo hakuna kitakachopotea vyovyote itakavyokuwa. Skrini ikiandika `permission denied for table ankara`, kufuli limefunga. Ikiandika `DELETE 0`, mlango uko wazi na ulikuwa unangoja siku yake.

Sasa ile `ripoti.mauzo`. Si jedwali halisi bali VIEW, yaani swali lililoandikwa mapema na kuhifadhiwa kwa jina, ambalo msomaji huliona kama jedwali. Kwa kawaida VIEW katika PostgreSQL husoma majedwali ya chini kwa ruhusa za mmiliki wake, hivyo msomaji hahitaji kuyagusa majedwali hayo. Namba za simu za wateja haziwekwi humo. Hilo si suala la ustaarabu tu: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na modeli nyingi zinaendeshwa kwenye seva zilizo nje ya nchi. Kisichokuwemo kwenye VIEW hakiwezi kusafiri.

Lakini kazi kubwa zaidi ya VIEW ni kulinda ukweli wa jibu, na kwa maoni ya mwandishi huyu hapa ndipo biashara nyingi zinapoumia. Ruhusa ya kusoma tu inalinda ankara zisifutwe. Haizuii hesabu ya uongo.

Angalia ankara moja. Fundi amenunua mifuko 30 ya saruji kwa sh 17,000 mmoja, jumla sh 510,000, na nondo 15 kwa sh 26,000 moja, jumla sh 390,000. Ankara nzima ni sh 900,000. Amelipa kwa awamu mbili, sh 500,000 taslimu na sh 400,000 kwa simu. Meneja anauliza: “Wateja waliolipa mwezi huu wamenunua bidhaa za shilingi ngapi?” Modeli inaunganisha jedwali la bidhaa za ankara na jedwali la malipo. Kila bidhaa sasa inakutana na kila awamu ya malipo, mistari miwili inakuwa minne, na jumla inatoka sh 1,800,000. Amri ni safi, haina kosa la sarufi, kanzidata haijalalamika. Fedha zimezaana tu. Wanaolipa kwa mkupuo hawaleti shida, ndiyo maana kosa hili linaweza kujificha miezi kadhaa na kujitokeza kwa wanunuzi wakubwa wa mkopo, ambao ndio hasa meneja anataka kuwajua.

VIEW iliyojumlisha malipo kwa kila ankara kabla ya kuyaunganisha inaondoa tatizo hilo kwenye mzizi. Ndani yake pia yanaamuliwa mambo ambayo modeli haiwezi kuyabahatisha: mauzo ni kabla au baada ya VAT, ankara zilizobatilishwa zinahesabiwa au la, bidhaa iliyorudishwa inapunguzwa siku iliyouzwa au siku iliyorudi. Uamuzi huo ni wa mhasibu, si wa kijana wa IT, na ni lazima uandikwe.

Kuna mtego mwingine ambao wauzaji wa programu kutoka mbali hawaujui. Msimamizi wa kituo cha mafuta anauliza mauzo ya “saa mbili hadi saa nne asubuhi”. Yeye anamaanisha 08:00 hadi 10:00. Modeli iliyozoea maandishi ya kwingine inaweza kuandika 02:00 hadi 04:00. Dukani kwa saruji kosa lingejitangaza kwa sifuri, maana saa hizo za usiku pamefungwa. Kituo cha mafuta kinauza usiku kucha, kwa hiyo inatoka namba ya kuaminika kabisa ya muda mwingine. Tena, kama mfumo unahifadhi muda kwa UTC, mauzo ya tangu saa sita usiku hadi saa tisa usiku yataangukia siku iliyopita, kwa kuwa Afrika Mashariki iko saa tatu mbele.

Dawa ni chombo kuonyesha, chini ya kila jibu, amri iliyotumika na sentensi moja inayosema kilichohesabiwa: tawi gani, tarehe gani hadi gani, saa gani kwa mtindo wa 08:00, VAT imo au haimo. Karani hahitaji kusoma SQL ili agundue kwamba aliuliza asubuhi akapewa usiku wa manane.

Kabla ya kuwakabidhi wafanyakazi chombo hiki, mwenye biashara amkalishe mhasibu wake na waandike maswali 20 ambayo majibu yake tayari wanayo, yakiwemo ya miezi iliyokwisha kufungwa na yanayoweza kulinganishwa na ripoti za Z za mashine za EFD. Wayaulize yote, na wayarudie kila modeli au VIEW inapobadilishwa. Swali likijibiwa vibaya, warekebishe VIEW, wasiongeze maelekezo kwa modeli. Na kama ule mtihani wa DELETE haujakataliwa, hata hayo 20 yasubiri.