Kisanduku Kisichojazika: Waombaji Wenye Jina Moja katika Pasipoti, Visa na Tiketi

Nchini Indonesia, hususan miongoni mwa Wajava, kuwa na jina moja tu si upungufu. Marais Sukarno na Suharto walijulikana hivyo. Ugumu huanza jina hilo linapokutana na fomu yenye visanduku viwili vya lazima: jina la ukoo na jina la kupewa.

Ajabu ni kwamba kiwango cha pasipoti chenyewe hakina tatizo hilo. Waraka 9303 wa ICAO, unaoongoza hati za kusafiria zinazosomwa kwa mashine, hauanzi na ukoo, bali na kitambulishi cha msingi na kitambulishi cha pili, na hicho cha pili kinaweza kukosekana. Tuchukue mwombaji wa kubuni, Sutrisno. Mstari wa kwanza usomwao na mashine, wenye nafasi 44, huandikwa hivi:

```
P<IDNSUTRISNO<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
```

Alama < hujaza nafasi tupu. Kwa mwenye majina mawili, alama mbili za aina hiyo hutenganisha vitambulishi. Hapa hakuna herufi inayofuata, na mashine husoma bila kusita.

Sutrisno akiomba visa ya Marekani, fomu ya DS-160 humtaka aandike FNU palipo jina la kupewa, kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "jina la kwanza halijulikani". Kauli hiyo si sahihi, kwani jina lake linajulikana vyema. Zaidi ya hayo, baadhi ya ofisi hunakili FNU katika kumbukumbu nyingine kana kwamba ndiyo jina, na kuliondoa baadaye huwa kazi kubwa.

Kwenye tiketi jina huandikwa kwa mkwaju, na mifumo mingi ya kukata tiketi haikubali upande wa pili ubaki mtupu. Kampuni moja hurudia jina, SUTRISNO/SUTRISNO. Nyingine huandika SUTRISNO/FNU. Hivyo msafiri mmoja hubeba hati tatu zisizofanana, na mhudumu wa kaunta ndiye anayeamua kama ni mtu yuleyule. Njia salama ni kuiuliza kampuni kanuni yake kabla ya kulipa, maana kurekebisha jina baadaye mara nyingi hutozwa ada au hukataliwa.

Mwishoni mwa mwaka 2022, Falme za Kiarabu zilikwenda mbali zaidi: wasafiri wa India wenye jina moja walikataliwa visa za matembezi. Ufafanuzi uliofuata uliwakubali wale ambao jina la baba au la ukoo limo katika ukurasa mwingine wa pasipoti. Kumbe taarifa iliyotakiwa ilikuwamo. Ilikosa tu kisanduku.

Mwaka huohuo Indonesia ilitoa kanuni ya usajili inayotaka jina jipya liwe na angalau maneno mawili. Majina yaliyokwisha kusajiliwa hayakuguswa, hivyo akina Sutrisno wataendelea kufika kaunta kwa miongo kadhaa. Fomu za Kiswahili nazo zina suala lao: "jina la ukoo" mara nyingi hujazwa jina la babu, ambalo hubadilika kila kizazi.